Tanbihi za Jedwali la Ndizi

Kwa miaka mingi nilikana kwamba ninaishi kwa majedwali. Nikiulizwa kazi yangu, iwe harusini au kwenye mkutano wa wazazi shuleni, nilijibu kwamba mimi ni mwandishi wa insha. Huo haukuwa uongo. Nimeandika insha, na wapo watu waliozisoma, ingawa wengi wao ni jamaa zangu na walizisoma wakiwa wamefiwa au wagonjwa, hawana pa kukimbilia. Lakini insha haijawahi kulipia hata meza ninayoiandikia. Kinacholipia meza ni tasnifu za watu wengine. Ndani ya tasnifu hizo kuna majedwali, na chini ya majedwali kuna yale maandishi madogo ambayo msomaji huyaruka kama anavyoruka dimbwi la maji. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba yule mmoja asiyeruka, ambaye kwa kawaida ni mtahini, hazami.

Naungama pia, maana nimeshaanza, kwamba kazi hiyo naipenda. Kuna asubuhi nimeiacha insha katikati ya sentensi yenye huzuni nzuri sana, nikaenda kupanga tanbihi, nikarudi nikiwa na furaha kiasi kwamba huzuni ya ile sentensi ilinishinda kuimalizia.

Meza yangu iko ndani ya saiba moja, duka la kompyuta na uchapaji, mjini Kisii, kwenye kona iliyo nyuma ya mashine ya kunakili. Mwenye saiba ni mtu wa Mumias aliyekuja mjini kwetu kumtembelea rafiki na akasahau kurudi. Ekegusii chake kinatosha kununua parachichi, si zaidi, kwa hiyo ndani ya duka lake sote tunazungumza Kiswahili, kila mtu kwa kiwango chake. Yeye huchapa, hufunga vitabu, na hutoa maoni bila kuombwa. Maoni hayalipishi.

Jumanne moja, msimu wa mvua, aliingia mwalimu wa kilimo kutoka shule moja upande wa Sironga. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye bahasha aliyoikumbatia kama mtoto mwenye homa. Tasnifu yake ya uzamili ilikuwa imerudishwa. Mtahini wa nje alikuwa ameipitisha yote isipokuwa jedwali moja la sura ya nne, na msimamizi wake alikuwa ameandika juu ya bahasha kwa kalamu nyekundu: *Ijumaa, kabla ya ofisi kufungwa.* Baada ya hapo orodha ya watakaohitimu ingefungwa. Muda wake wa nyongeza ulikuwa wa mwisho. Asingeingia kwenye orodha hiyo, asingeingia tena kwenye yoyote, na usajili wake ungefutwa.

"Jedwali moja tu?" niliuliza.

"Moja tu, madam."

"Basi kaa. Hiyo ni kazi ya chai moja."

Nilisema hivyo nikiwa nimevaa miwani usoni na nyingine kichwani. Mwenye saiba aliniangalia na kusema, "Mwandishi, ukishapata macho ya kutosha nitakuomba moja."

Jedwali lenyewe lilikuwa la ndizi. Mwalimu ameolewa Birongo, na utafiti wake aliufanya huko, katika mashamba matano ya majirani wa ukweni. Kila shamba lilikuwa na mstari wake, kutoka la kwanza lililo juu karibu na barabara hadi la tano lililo chini kabisa, karibu na kijito. Safu za wima zilikuwa chache: mbolea iliyotumika, idadi ya mikungu iliyovunwa, na wastani wa uzito wa mkungu. Swali la tasnifu nzima lilikuwa pale: mbolea ipi inatoa mkungu mzito zaidi katika shamba la nyumbani? Ukilielewa jedwali lile, umeielewa tasnifu. Usipolielewa, umebaki na kurasa nyingi za shukrani.

Matatizo niliyaona kabla ya chai kufika. La kwanza lilikuwa la aliyemchapia hapo awali, ambaye mahali pamoja alitumia tarakimu badala ya herufi kuonyesha tanbihi. Kando ya kumi na nane ya shamba la pili kulikuwa na mbili ndogo iliyoinuliwa juu.

"Hii unaisomaje?" nilimuuliza mwenye saiba.

Alikuja akainama. Hesabu anaijua. "Kumi na nane kipeo cha pili. Mia tatu ishirini na nne." Akafikiri kidogo. "Mkungu wa kilo mia tatu ishirini na nne. Huo si mkungu, huo ni ng'ombe."

Mwalimu alicheka kwa mara ya kwanza tangu aingie. Ndiyo maana chini ya jedwali lenye namba tunatumia herufi ndogo, a, b, c, wala si tarakimu. Herufi haiwezi kujichanganya na hesabu za watu.

Tatizo la pili lilikuwa mstari wa chanzo. Jedwali lolote la tasnifu ile lilipaswa kusema data imetoka wapi, na yeye alikuwa amesema, lakini aliupa mstari huo herufi na kuuweka katikati ya tanbihi nyingine, kama mgeni rasmi aliyeketishwa na wapishi. Chanzo hakipewi herufi. Hakihusu kisanduku kimoja, bali kinaeleza jedwali lote lilikotoka. Mwongozo wa chuo chake ulisema wazi: chini ya jedwali, kwanza chanzo, pili maelezo ya jumla yanayohusu jedwali zima, kisha tanbihi za herufi. Vyuo vingine huweka chanzo mwishoni kabisa, na nimewahi kuona watu wazima wakikosana kwa ajili hiyo. Mimi sikosani na mtu. Nafuata mwongozo wa mwenye mlango, na nafuata huo huo katika kila jedwali hadi ukurasa wa mwisho.

Tatizo la tatu ndilo lililonishangaza. Herufi zenyewe zilikuwa zimeruka ovyo. Kanuni ni nyepesi: unasoma jedwali kama unavyosoma barua, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha unashuka. Unaanza na vichwa vya safu, halafu mstari wa kwanza, halafu wa pili, na herufi zinafuatana vile jicho linavyokutana nazo. Katika jedwali hili *a* ilikuwa kwenye mstari wa mwisho kabisa, shamba la tano. *B* ilikuwa kwenye shamba la nne. *C* ilikuwa ni ule mstari wa chanzo, usio na mahali popote. *D* ilikuwa juu, kwenye kichwa cha safu.

"Mwalimu, ulianza kuhesabu kutoka chini?"

"Hapana."

"Basi ulifuata nini?"

Aliangalia mlango. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayemwambia daktari mahali panapouma: "Umri."

Sikuelewa.

"Shamba la tano ni la mama mkwe wangu. Yeye ndiye mkubwa kati ya wote. Shamba la nne ni la yule mzee jirani, anamfuata kwa umri. Ningewezaje kumweka mama kwenye herufi ya mwisho, madam? Na ameiona. Nilimwonyesha karatasi. Aliuliza hii ni nini kando ya shamba langu, nikamwambia ni *a*. Sasa kanisani akina mama wote wanajua kwamba kwenye kitabu cha chuo kikuu yeye ni *a*."

Mwenye saiba alizima mashine ya kunakili ili asipitwe na neno.

Mimi nimezaliwa Kisii na nimeolewa Nyamira. Najua kabisa nani anapakuliwa chakula kwanza, na najua ya kwamba kuna nyumba ambamo bakuli la chinsaga likimfikia mkwe kabla ya mama mwenye mji, mboga hiyo haishuki kooni. Ningepaswa kuwa na huruma. Badala yake nilikunja mikono na kusema sentensi ambayo niliipenda sana wakati ule.

"Mwalimu, sayansi haina mama mkwe."

"Yako labda haina," alisema.

Nilipanga upya. Kichwa cha safu ya mikungu kikapata *a*: haijumuishi mikungu iliyoangushwa na upepo kabla ya kukomaa. Shamba la pili, kwenye mbolea badala ya kwenye uzito, likapata *b*: samadi ilichanganywa na majivu ya jikoni. Shamba la tatu na la nne yalikuwa na maelezo ya aina moja, kwamba mikungu michache iliibwa kabla ya kupimwa, kwa hiyo yote mawili nikayapa *c*. Herufi moja inaweza kusimama sehemu mbili ikiwa tanbihi ni ile ile. Kurudia maneno ni kuwapa wezi heshima mara mbili. Na shamba la tano, la mama, chini kabisa, likapata *d*: uzito ulipimwa kwa mizani ya kuning'iniza ya mwenye shamba, na uzito wa kamba umeondolewa.

Lilipendeza. Nakiri lilipendeza. Herufi zilishuka kama ngazi, chanzo kiliketi kwenye mstari wake wa juu, na hapakuwa na herufi juu isiyo na mwenzake chini. Mwalimu alilitazama kama mtu anayetazama picha nzuri ya jamaa aliyekosana naye. Tukamtumia msimamizi Jumatano asubuhi, na mimi nikarudi kwenye insha yangu nikiwa nimejaa hewa.

Alhamisi saa nne, simu ya mwalimu ilipata ujumbe kutoka kwa msimamizi. Alikuja nao mbio kutoka stendi, ameomba ruhusa ya siku shuleni. Uliandikwa hivi: *Sasa limepangwa vizuri. Lakini swali la mtahini halijajibiwa. Yeye hakuuliza mpangilio peke yake.*

Nilivaa miwani, ile sahihi, nikarudia maoni ya mtahini. Kweli, chini ya malalamiko ya mpangilio, ambayo niliyameza kwa uchu, palikuwa na sentensi moja niliyoiona na kuipita. Aliuliza: ikiwa kamba imeondolewa kwenye uzito wa shamba la tano peke yake, mashamba mengine yalipimwaje, na yanalinganishwaje nalo?

Kwa maneno mengine, nilikuwa nimelipanga vizuri jambo ambalo sikuuliza kama ni kweli. Mimi, mwanamke wa chuo kikuu, mwandishi, mpenzi wa tanbihi. Nilikuwa nimenyoosha kitanda bila kuangalia kama kuna mtu amelala ndani.

"Mwalimu," nilisema polepole, "mikungu ya shamba la kwanza ulipima na nini?"

"Na mizani ya mama."

"Ya pili?"

"Hiyo hiyo. Birongo pale mizani ya kuning'iniza inayoaminika ni moja, ya mama. Marehemu baba mkwe aliinunua enzi za kupima majani chai. Niliibeba kila shamba."

"Na kamba?"

"Kamba ni ile ile pia. Nilifunga mkungu, nikapima, nikatoa uzito wa kamba. Mashamba yote."

"Yote matano?"

"Yote."

"Basi kwa nini uliandika kwenye shamba la tano peke yake?"

Alinitazama kama mimi ndiye niliyesema jambo la ajabu. "Kwa sababu mizani ni yake. Niliona nimshukuru pale alipo."

Mwenye saiba alisema taratibu, "Amemshukuru mtu katika kisanduku."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu hakuwa amekosea vipimo hata kimoja. Alikuwa amechukua maelezo yanayohusu jedwali zima akayafunga kwenye mstari mmoja, kama mbuzi kwenye kigingi, kwa adabu. Msomaji yeyote asiyemjua mama mkwe wake angedhani shamba moja lilipimwa hivi na manne yalipimwa vingine, na hapo ulinganisho wote ungeanguka pamoja na ndizi zake. Na mimi niliikuta adabu hiyo kwenye *a*, nikaihamishia *d*, nikajisifu.

"Mwalimu, hiyo si tanbihi ya herufi," nilimwambia. "Jambo linalohusu mashamba yote halifungwi kwenye shamba moja. Linaandikwa chini ya chanzo, juu ya herufi zote, linaanza na neno *Maelezo*, na halina alama yoyote ndani ya jedwali, kwa sababu haliko kwenye kisanduku kimoja. Liko kote."

Aliwaza. Niliona uso wake ukianza kufunguka, kisha ukafunga ghafla.

"Kwa hiyo mama hana herufi tena?"

"Hana."

"Hata *d*?"

"Hata *d*."

"Madam," alisema, "heri ungemwambia wewe."

Mama alikuja mjini Ijumaa asubuhi. Hakuja kwa ajili yetu. Alikuja kuuza ndizi kabla ya Sabato, maana wao ni Wasabato wa kweli na Ijumaa jua likizama nyumba hiyo haiuzi, hainunui, wala haipashi maji ya kuogea. Alipomaliza soko akaja saiba kumtafuta mkwe wake. Alikuwa mrefu, amefunga kitambaa kichwani kwa fundo lililosimama wima. Ukimwona unaelewa mara moja kwa nini mtu angempa herufi *a*.

Nilisimama. Mwenye saiba pia alisimama, na sijawahi kumwona akisimama kwa mteja.

"Mbuya mono, mama," nilimwamkia.

"Mbuya mono. Wewe ndiye unayeandika kitabu cha huyu mtoto?"

"Ninakipanga tu, mama."

"Kipange basi. Ng'ombe wa sherehe ya kuhitimu amefungwa tangu Pasaka. Kila siku ananiangalia anauliza ni lini."

Mwalimu aliangalia sakafu. Nikaona hakuna njia isipokuwa kupita katikati. Nikamvutia mama kiti na kumwonyesha karatasi, nikaeleza kwa Ekegusii kisha kwa Kiswahili, kwa sababu mwenye saiba alikuwa amekunja uso kwa uchungu wa kupitwa.

"Mama, ile herufi *a* iliyokuwa kando ya shamba lako, tumeiondoa."

"Mmeipeleka wapi?"

"Iko hapa juu, kwenye kichwa cha safu. Ni ya mikungu iliyoangushwa na upepo."

"Upepo," alisema. "Nimenyang'anywa na upepo."

"Na shamba lako halina herufi yoyote."

"Na yule mzee wa shamba la nne?"

"Ana *c*."

"Ana *c*," alirudia. Akamgeukia mkwe wake. "Yule ambaye hata panga huja kuazima kwangu ana *c*, na mimi sina kitu."

"Ana *c* kwa sababu aliibiwa, mama," alisema mwalimu haraka.

"Hilo ni sawa," alisema mama, na alionekana kupata nafuu kidogo. "Huyo huibiwa. Hana hata mbwa wa kulinda."

Nikaweka kidole chini ya jedwali. "Herufi, mama, ni za mtu mwenye jambo lake mahali pamoja. Huyu ameibiwa pale, yule ametia majivu pale. Lakini mizani yako haikukaa pale. Ilipima wapi?"

"Ilipima kote. Kutoka barabarani mpaka kwenye kijito. Hata ilirudi na kutu."

"Ndiyo maana. Tungekuandika kwenye shamba lako peke yake, mwenye kusoma angesema mashamba mengine yalipimwa kwa macho. Kwa hiyo tumekuandika hapa, juu ya herufi zote." Nikasoma: "*Maelezo: Mikungu ya mashamba yote ilipimwa kwa mizani moja ya kuning'iniza, iliyoazimwa kutoka kwa mwenye shamba la tano. Uzito wa kamba umeondolewa katika vipimo vyote.*"

Aliomba nirudie. Nikarudia. Aliomba nirudie lile neno *yote*.

"Kwa hiyo mimi ni wa wote."

"Ni wa wote."

"Kama mwenyekiti."

"Kabisa," alisema mwenye saiba, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Mama akainama zaidi, na kidole chake kikapanda juu ya maneno yangu hadi kwenye mstari wa chanzo. "Na huyu aliye mbele yangu ni nani?"

Nilisahau kwamba mtu anayehesabu nafasi huhesabu mpaka mwisho. "Huyo ni chanzo, mama. Anasema haya yote yametoka wapi."

"Yametoka wapi?"

"Shambani. Inasema data imetoka uwandani, kwenye mashamba yenyewe."

Akafikiri, akiwa ameshika fundo la kitambaa chake. "Shamba likitangulia si vibaya," alisema hatimaye. "Lilikuwepo kabla yangu. Lakini asiingie mwingine hapo katikati."

Nilimhakikishia kwamba mwongozo wa chuo hauruhusu mwingine hapo katikati. Ilikuwa kweli, na sijawahi kuushukuru mwongozo kama siku ile.

Kisha nikafanya ninachofanya kila mara kabla ya kutuma kitu. Kidole cha mkono wa kushoto kwenye alama ndani ya jedwali, cha kulia kwenye maelezo yake chini: *a* kwa *a*, *b* kwa *b*, *c* ya shamba la tatu, *c* ya shamba la nne. Kidole cha kushoto kilipofika mstari wa mwisho, kilikuta *d* ndogo bado imening'inia kando ya uzito wa shamba la tano. Nilikuwa nimefuta tanbihi chini nikasahau alama yake juu. Cha kulia hakikuwa na pa kwenda.

"Kuna *d* imebaki," nilisema.

Mama alikuwa ameshaiona. Nadhani aliiona kabla yangu na akanyamaza. "Hiyo iache," alisema. "Haimsumbui mtu."

"Mama, mtahini ataitafuta chini ataikosa."

"Atafute. Si ana macho?"

"Mama," alisema mwalimu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu anayefundisha darasa la wavulana arobaini. "Ikibaki, watarudisha. Wakirudisha leo, hakuna kesho."

Mama alimtazama mkwe wake. Kisha akaisogeza karatasi kwangu kwa ncha ya kidole. "Itoe," alisema. "Ng'ombe mwenyewe amechoka."

Nikaitoa. Nikapitisha vidole tena toka mwanzo, mwenye saiba akinisimamia kwa nyuma akisoma herufi kwa sauti kama kiongozi wa kwaya. Kila alama ilikuwa na mwenzake. Tukatuma.

Tukangoja. Mchana ulipita. Mwalimu alinunua mahindi ya kuchoma na hakuyala, kwa hiyo niliyala mimi. Mama alikataa kupanda gari la kurudi Birongo ingawa kila mara alitoka nje kuangalia jua, maana lilikuwa linashuka na Sabato haimsubiri mtu. Niliandika sentensi mbili za insha nikazifuta. Mwenye saiba alifunga tasnifu ya mtu mwingine ukurasa wa kwanza ukiwa nyuma, akalazimika kuifungua upya.

Simu ililia jua likiwa bado juu ya kilima. Alikuwa msimamizi. Mwalimu aliiweka mezani akabonyeza spika, ili sote tusikie.

"Mwalimu," ilisema sauti ya mzee aliyezoea kusikilizwa, "ninalo jedwali lako hapa mbele yangu. Kabla sijatia sahihi, niambie kwa maneno yako mwenyewe. Haya maelezo ya mizani, kwa nini hujayapa herufi?"

Mwalimu alinitazama. Nikamwelekezea simu kwa kidole. Halikuwa swali langu.

"Kwa sababu hayahusu kipimo kimoja, daktari," alisema. "Mizani ilikuwa moja kwa mashamba yote, na kamba nimeiondoa kwa mashamba yote. Ningeipa herufi kwenye shamba moja, ningekuwa nasema mengine yalipimwa tofauti. Awali niliandika hivyo. Ilikuwa makosa ya kuandika. Vipimo vyenyewe viko sawa."

"Na herufi?"

"Zinaanza kwenye kichwa cha safu, kisha zinashuka mstari kwa mstari, kushoto kwenda kulia. *C* iko mara mbili kwa sababu tanbihi ni ile ile."

Tulisikia karatasi ikigeuzwa.

"Basi," alisema. "Mtahini aliniachia hilo moja nilithibitishe, na nimelithibitisha. Natia sahihi sasa hivi. Jina lako linaingia kwenye orodha ya mwaka huu. Hongera."

Mwalimu aliketi. Hakukuwa na kiti. Aliketi juu ya katoni ya karatasi na kuanza kucheka na kulia kwa pamoja, na mwenye saiba akampa taulo la kufutia mashine, akalichukua tena akampa lingine safi. Mimi nilijishughulisha na miwani yangu.

Msimamizi alikuwa bado yuko hewani. "Nani analia hapo?" aliuliza.

Mama aliinama juu ya meza mpaka fundo la kitambaa likagusa simu. Alisema kwa Kiswahili, polepole, akichagua kila neno kama anayechagua miche ya migomba.

"Daktari, mimi ni mama yake. Mimi ndiyo maelezo."

Upande wa pili karatasi ikageuzwa tena.

"Nimekuona, mama," alisema msimamizi. "Uko hapa chini ya chanzo. Ahsante kwa mizani."